Anakufili ao Anakuchekea Tu? Rada ya Mangina

Wasee, tuanze na kitu kila mtoto wa hapa anajua: Mangina kuchekewa ni bure. Pita njia ya soko asubuhi uone. Mama wa mandazi atakusalimia, motari mwenye amelalia tanki ya moto yake atakusalimia, mzee mwenye anaanika kakao kando ya barabara atakusimamisha akuulize umelala je, nyumbani beko je, mama anaendelea je. Ukishajibu yote utasikia "wasingya" kama vile umemletea pesa. Ndivyo tulilelewa. Kunyima mtu salamu ni skendo, na kumwambia mtu usoni "sikutaki" ni skendo ya kujadiliwa na wajomba. Kwa hiyo demu akikuchekea na kuuliza habari za kwenu, ujue ametimiza malezi. Chali mwenye amekubebea kidumu cha maji mpaka mlangoni, naye pengine ni mama yake alimfunza vizuri, basi. (Na ukinisikia nachanganya Sheng ya Nairobi na Kiswahili cha Beni, usishtuke. Mali ya Butembo inapitia Nairobi na Kampala, na maneno yanapanda lori moja na vitenge.)

Hapo ndipo wengi wanachoma. Wanajumlisha vitu vya lazima: alinijibu, alicheka, alinipa kiti, walinipea bugali. Bana, bugali hata mgeni wa mgeni anapewa. Mimi nahesabu kitu kimoja tu, yale mambo ambayo mtu angeyaacha na hakuna mwenye angemlaumu. Salamu akiiacha, kijiji kinamsema. Lakini nani angemsema kama hakukumbuka kwamba Alhamisi ulikuwa na mtihani? Hakuna. Akikumbuka, amekumbuka kwa kupenda kwake, na hapo sasa ndio rada inaanza kushika.

Tuchukue kesi. Jamaa tumuite Kambale, jina lenye ukiliita kwa sauti sokoni Beni nusu ya machali wanageuka, juu kwa Wanande ndilo jina la mtoto wa kiume wa pili. Anatengeneza simu Beni. Demu tumuite Kavira, anaishi Mangina, kama kilomita 30 kutoka Beni, na kwao wanakula kupitia kakao. Walikutana harusini, korali mbili ziliimba, namba zikabadilishana. Kesi nimeiunga kwa story za mabeste tofauti, kwa hiyo usianze kuulizia huyo Kavira ni wa aveni gani.

Wiki ya kwanza Kambale yuko mbinguni. Kila asubuhi anatuma "Niaje, umeamka je?" na kila asubuhi anajibiwa "Poa, na wewe?" Usiku anatuma mstari wa Biblia, anajibiwa "Amen." Anatuma picha ya simu yenye amefufua kutoka kwa wafu, anajibiwa vidole gumba viwili. Anawaambia mabeste: huyu nimeingiza boksi, hajaniacha hata siku moja bila jibu. Sasa tulia uisome hiyo chati kama mtu baki. "Na wewe?" ni swali la kurudisha tu, kama salamu ya njiani. Ukilifuta hakuna kitu kinapotea kwenye maongezi. Wiki nzima Kavira hajauliza hata swali moja lenye lilizaliwa na kitu Kambale alisema. Si mbaya, si nzuri. Mpaka hapo rada haina kitu, na chali anasoma kwenye karatasi tupu.

Wiki ya pili kitu kikatokea. Mama ya Kambale akaugua. Akamwandikia Kavira, "Leo sikufungua kazi, mama ana malaria." Hapa mtu mwenye adabu ana jibu lake tayari, na ni jibu zuri kabisa: "Pole sana, Mungu amponye." Kavira alilituma hilo. Halafu dakika chache akaongeza: "Walimpima, ao mlinunua dawa tu?" Kambale akasema walimpima, wakampa zile tembe za siku 3, asubuhi na jioni. Maongezi yakaishia hapo. Siku ya tatu, bila kuulizwa, vokali ikaingia: "Leo si ndio mama anamaliza dawa? Alirudia kula?"

Msee, hiyo vokali ya sekunde chache ina uzito kuliko "Amen" zote za wiki iliyotangulia. Angalia kazi yenye imefanyika ndani yake. Alisikia idadi ya siku, akaiweka kichwani, akahesabu, na siku ilipofika akatoa mega zake kuuliza. Na swali lenyewe halingeweza kutumwa kwa mtu mwingine yeyote, limeshonwa kwa mwili wa mama ya Kambale. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, Karen Huang na wenzake, walichungulia maongezi ya watu, hata yale ya wanaotafuta wapenzi kwa kukutanishwa dakika chache chache. Walikuta maswali si sawa yote. Lile lenye linapanda juu ya jibu lako, linataka kujua zaidi juu ya kitu umetoka kusema, ndilo lilikwenda pamoja na mtu kupendwa na kukubaliwa kukutana tena. Maswali ya kubadilisha mada na ya kurudisha salamu hayakuwa na nguvu hiyo. Bibi zetu hawakungoja Harvard, lakini ni poa kuwa na shahidi.

Kisha Kavira akapotea. Siku mbili, mesaji zinaonyesha alama moja tu. Kambale akaanza kuchizi: ananilenga, kuna chali mwingine, pengine ni yule wa bashe za kakao mwenye ana moto mpya. Alitaka kuandika mesaji ndefu ya lawama, beste akamnyang'anya simu.

Ili ujue kimya ni cha nini, lazima ujue maisha ya mtu. Kakao ikitolewa kwenye ganda haiuzwi vivyo hivyo kama unataka bei. Inafunikwa na majani ya ndizi ao inawekwa kwenye sanduku la mbao, inachachuka siku 5 mpaka 7 na katikati inageuzwa. Halafu inaanikwa kwenye bashe, karibu wiki nzima kama jua linakubali, na mtu anakaa pembeni akiipindua. Mvua ya huku haipigi hodi. Wingu likitokea, mtu anaacha sahani ya sombe ikiwa moto anakimbia kukunja bashe, juu kakao yenye imelowa inashika ukungu, na mnunuzi akikata mbegu akaukuta, anashusha bei papo hapo. Weka juu yake umeme wa kuungaunga na simu yenye inachajiwa butiki ya jirani kwa pesa. Siku mbili bila jibu, kwa demu wa hivyo, ni hali ya hewa.

Kwa hiyo kasi ya kujibu mimi siipimi. Napima anavyorudi. Kuna mtu anarudi baada ya siku mbili na "Pole nilikuwa bize," nukta. Ukimuuliza ubize gani anasema "kazi tu." Anangoja wewe ndiye uwashe maongezi tena, kama jenereta ya kuvuta kwa kamba. Na kuna mtu anarudi akiwa ameshika uzi mahali ulipokatikia. Kavira alirudi jioni ya siku ya tatu: "Mvua ilitutesa na kakao, simu ilizima toka juzi. Ile simu ya mwalimu yenye uliniambia imeingia maji, uliiweza?" Kambale mwenyewe alikuwa ameshasahau simu ya mwalimu. Ukiona hivyo, ule ukimya futa kwenye hesabu.

Sasa ikafika mambo ya kuonana, na hapo ndipo maneno yanapimwa na miguu. Kambale akauliza, "Jumapili nikuje Mangina?" Jibu la adabu kwa swali hilo sote tunalijua: "Tutaona." Dada yake ni "Mungu akipenda," binamu yake ni "siku ingine." Huyo mtu hajadanganya. Anakuambia hapana kwa lugha yenye haimvunjii mtu uso, na mwenye masikio anaelewa. Kavira alisema hivi: "Jumapili hapana, tuna korali mpaka mchana na wewe utachelewa njia. Lakini Jumamosi ingine nakuja Beni na mama kuuza, saa nne tutakuwa tumemaliza, naweza kupita pale unatengenezea simu."

Alikataa, na ni kukataa kwenye kunazaa tarehe. Amechukua tatizo lako akalifanya lake, akatafuta mlango mwingine. Mtu mwenye hakutaki hana sababu ya kufanya hiyo hesabu, "tutaona" ingemtosha. Mimi naambia wasee watoe nafasi mbili. Ya kwanza ikigonga "tutaona," pengine kweli siku ilikuwa mbaya. Ya pili ikigonga "tutaona" tena, na hajaleta siku yake, funga hilo daftari. Ya tatu hakuna, ya tatu inaitwa kusumbua.

Na hapa lazima niseme juu ya bei ya kila kitu, juu bidii ya mtu unaipima kwa mfuko wake, si kwa wako. Kambale kuja Mangina ni pesa ya moto kwenda na kurudi, ni siku moja ya kazi imekufa, na ni njia yenye kila mtu wa Beni anajua namna imekula watu. Toka Mei 2021 tuko chini ya hali ya kuzingirwa, wanajeshi ndio wanaongoza jimbo, na jioni motari hata umwahidi nini anakuangalia tu. Chali mwenye anatoka asubuhi, anakaa saa mbili na wewe na dada zako wadogo wakicheka pembeni, anarudi jua likiwa juu, huyo ametoa kitu. Lakini Kavira naye kutoroka dakika 30 sokoni huku mama anamngojea na pesa ya kakao kwenye kitambaa, hiyo kwake ni gharama kubwa pia, hata kama kwa macho ya Kambale ni "alipita tu." Wengi wanakosa kuona bidii ya demu sababu haina risiti.

Zawadi je? Zawadi inadanganya. Mwaka 2024 bei ya kakao duniani ilipita dola 10,000 kwa tani, kitu wazee wetu hawajawahi kuona, na machali waliokuwa na gunia mbili tatu wakajikuta wana ganji. Simu zikagawiwa, viatu vikagawiwa. Chali mwenye amenunulia madem watatu simu ya aina moja siku ya kuuza mzigo hajamfikiria hata mmoja wao. Ukitaka kujua kama zawadi ina akili ndani, iangalie kama inajua kitu juu yako. Kavira siku ile ya Jumamosi alimletea mama ya Kambale maembe machache, kwa sababu akijibu ile vokali Kambale alisema mama anakula matunda tu. Embe ni bei gani? Lakini ile embe ilikuwa inasikiliza.

Mtu ataniuliza, na macho je? Na kuguswa mkono? Mie siamini sana. Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilitangazwa, na Mangina hapa ndipo palikuwa kitovu chake cha kwanza, mpaka ilipotangazwa imekwisha 25 Juni 2020. Muda ule wote mikono ilifungwa. Unanawa kwenye ndoo ya klorini, unapimwa joto kwenye paji la uso, unasalimia kwa kiwiko kutoka mbali, na mwenye anakupenda na mwenye hakupendi wote wanasimama hatua ile ile. Watu walipendana bado. Walijuana kwa nani anaita kila jioni kuuliza kama kwenu wote ni wazima. Tena kuna utafiti wa mwaka 2009, Skyler Place na wenzake, watu walionyeshwa video za machali na madem wakikutana kwa mara ya kwanza, waseme nani anamtaka nani. Kwa machali watazamaji walibahatisha vizuri kidogo. Kwa madem walipotea zaidi. Sasa wewe ukiwa ndani ya hiyo video mwenyewe, na moyo unadunda, unajidai umesoma jicho? Wacha.

Kuna mahali hii rada inazima kabisa, na hapo sitaki utani. Inazima pale ambapo kusema hapana kuna bei. Wakati wa riposti ya Ebola, kazi ziligawiwa na watu wenye mamlaka, na mwaka 2021 tume huru iliyoundwa na Shirika la Afya Duniani ilithibitisha mambo ambayo madada wa huku walikuwa wakiyanong'ona, kwamba kuna wanaume waliotumia zile kazi kuwadai miili yao. Demu wa hivyo alimchekea bosi. Alijibu simu zake mara moja. Alikumbuka siku yake ya kuzaliwa. Alama zote zingesema "anakufili," na zote zingekuwa uongo, zimekamuliwa na hofu. Kwa hiyo wewe mwenye una bunduki, ao una daftari la kuandika majina ya kazi, ao unamsahihishia mitihani, hata usihangaike kusoma alama zake. Hauwezi kuziona. Vile vile dada wa kabini ya kuuza inite, mwenye anakuita "sheri" na kukuchekea kila asubuhi: simama pembeni dakika 10 uone anavyoita wateja wengine. Kama wote ni sheri, basi wewe ni mteja.

Upande wa pili wa sarafu, kuna madem wenye hawawezi kuanza chati kwanza hata wakiwa wanaungua ndani. Mangina ni ndogo, na demu mwenye anamtafuta chali jina lake linafika kanisani kabla yake. Ukimwona hajawahi kukuandikia kwanza, usikimbilie kusema hana mpango. Kwa mtu wa hivyo nazitazama sehemu zenye hazionekani na majirani: anabaki muda gani mkishaanza, anajibu swali lako tu ao anaongeza chake, na wiki ijayo bado anajua jina la kaka yako mwenye yuko Butembo.

Na madem, yenu pia ipo. Chali akianza na moto wa petroli, simu 12 kwa siku, vokali usiku, "nitakuoa" wiki ya kwanza, hiyo bidii ni nyingi lakini iangalie inaelekea wapi. Mpe "leo siwezi" moja, ya kweli, bila maelezo marefu. Mwenye anakujali atauliza kama uko sawa, kisha atatulia. Mwenye alikuwa anafanya biashara atakuletea hesabu: nilikutumia mega, nilikuja na moto yangu, nilikupa hiki. Akishasoma hiyo fakitira, umeshajua alikuwa ananunua nini.

Kambale na Kavira? Ile Jumamosi Kavira alipita, saa nne na nusu, na dada yake mdogo mkononi. Alikaa kwenye benchi la wateja, akauliza ile screen inabanduliwa je, akashika bisibisi mwenyewe, akamwambia dada yake, "Huyu ndiye mwenye nilikuambia wa mama mwenye malaria." Kambale anasema mengine yote aliyasahau ila hiyo sentensi. Maana yake nyumbani Mangina, jioni fulani, jina lake lilitajwa bila yeye kuwepo. Sasa hivi wako bado wanachati, na mama ya Kavira ameshaanza kuuliza huyo chali ni wa ukoo gani, swali lenye lina masomo yake mengine.

Na kama hesabu yako imetoka upande ule mwingine, "tutaona" mbili na "na wewe?" za mwezi mzima, usiandike lawama. Hajakukosea kitu, alikupa heshima na ndiyo aliyokuwa nayo. Mtumie fupi: "Nimefurahi kuongea na wewe. Sitakusumbua tena, ila ukitaka story niko." Kisha nyamaza kweli, usiende kuchungulia statu zake kila baada ya nusu saa. Akijibu na kitu chenye kina swali ndani, soma vizuri. Akijibu "Amen," msee, rudi kazini.